UZI: Heidegger, "kuielekea mauti" na "kuwa mwenyewe". Naomba ufafanuzi kwa Kiswahili cha kawaida

Chausiku_M3 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu na falsafa ndiyo somo langu la pili. Muhula huu tunasoma kitabu kikubwa cha mwanafalsafa Mjerumani Heidegger cha mwaka 1927 na tumefika sehemu ya mauti, kifungu cha 46 hadi cha 53. Nimeirudia mara nne. Neno moja moja nalielewa, nikiyaunganisha sipati kitu. Sentensi iliyonikwamisha kabisa ni ile inayosema mauti ni "uwezekano wa kutowezekana kabisa kwa Dazaini". Uwezekano wa kutowezekana, kwangu hayo ni kama maji makavu. Halafu tunaambiwa kwamba ukiielekea mauti sawasawa unapata "uhalisi", yaani unaacha kuwa mtu feki. Darasani tulipouliza tulisomewa kifungu kilekile tena.

Nina insha ya kurasa 8, ya kukabidhi Jumatatu. Huyu bwana anasema nini hasa? Na kwa nini achague mauti, asichague kitu kingine?

BodaMkongwe

Dada, falsafa sijaisoma lakini hili nalijua kwa mwili wangu. Miaka sita iliyopita niligongwa na lori nikiwa kwenye pikipiki, nikalala siku 11 bila fahamu. Nilipoamka nikaacha kazi ya ofisini niliyokuwa naifanya kwa sababu tu mjomba alinitafutia. Nikauza pikipiki, nikanunua ekari nne, nikapanda mikorosho. Tangu hapo kila siku naiishi kama ya mwisho. Nadhani huyo mzungu anasema hayohayo kwa maneno magumu.

MwalimuMstaafu

Chausiku mwanangu, nimefundisha sehemu hiyo kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hukwama palepale ulipokwama wewe. Tuanze na Dazaini, maana Kiswahili kina mlango mfupi wa kuliingilia. Kwa Kijerumani cha kila siku ni "kuwapo" tu. Nusu ya kwanza ni "hapo", nusu ya pili ni "kuwa". Sisi tunasema "yupo", na ile -po ya mwisho inabeba mahali. Heidegger analikwepa neno "binadamu" kwa makusudi, kwa kuwa ukilisikia unawaza kitu chenye sifa zake, kama meza yenye miguu minne. Meza ipo, basi. Wewe upo huku kuwapo kwako kukiwa jambo linalokuhusu. Unajali itakuwaje. Umo katika kuwa mwanafunzi, dada wa mtu, mwenye insha ya Jumatatu, na hayo unayaishi, hukubandikwa kama lebo.

Sasa "uwezekano". Tumezoea kusema "kuna uwezekano wa mvua", tukimaanisha jambo ambalo bado halijatokea. Ukisoma kifungu hicho na mvua kichwani umepotea. Sikiliza badala yake kitenzi kilichomo ndani ya neno, "kuweza". Unaweza kuwa mwalimu. Hiyo si hali ya hewa unayoisubiri. Unaiishi tayari, ndiyo inayokuamsha alfajiri na kukupeleka maktaba. Wewe mzima umefumwa kwa kuweza namna hiyo. Na katika kila unachoweza kuwa, imo tayari hali hii moja, kwamba unaweza usiweze tena kuwa chochote. Hali hiyo nayo unaibeba leo, ukiwa mzima, kama unavyobeba ualimu ambao bado hujaupata. Soma sentensi yako upya kwa namna hiyo uone kama maji bado ni makavu.

Chausiku_M3

Shikamoo mwalimu, na asante. Limeanza kufunguka. Ila bado naona mauti yako mwishoni. Mechi ina dakika 90, filimbi inapulizwa, imekwisha. Dakika ya 20 filimbi haipo uwanjani. Itakuwaje niibebe leo?

MwalimuMstaafu

Marahaba. Swali hilo ndilo kifungu cha 48, na yeye mwenyewe analichukua kwa mifano ya kawaida kabisa. Anaanza na deni. Umemkopesha mtu, amelipa nusu, nusu imebaki. Ikilipwa, inaungana na ile ya kwanza na fungu linatimia. Je, mauti ni kipande cha maisha kilichobaki kulipwa? Haiwezekani, kwa sababu kikishafika hakuna fungu lililotimia mkononi mwa mtu. Mwenyewe hayupo.

Anakwenda kwenye tunda bichi. Hapa anakaribia, kwa kuwa ubichi wa embe si kitu kilichokosekana pembeni yake, ni namna embe lenyewe lilivyo linapoelekea kuiva. "Bado" imo ndani ya embe. Hivyo ndivyo na sisi tulivyo, tuko na "bado" yetu ndani. Lakini mfano unavunjika mahali pamoja. Embe likiiva limefika. Mtu hufa aghalabu hajaiva, na pengine ameshaiva zamani na bado yupo. Mwisho wetu si ukamilifu.

Anaitaja na mvua inayokatika, na barabara inayoishia njiani, na kuukataa kila mfano kwa sababu ileile, kwamba vitu hivyo huisha tu, haviuishi mwisho wao. Filimbi yako iweke kundi hilo. Ingawa hata dakika ya 20 kocha anapanga namna anavyopanga kwa sababu dakika si elfu. Mwisho unaupa mchezo umbo tangu mwanzo. Mfano wako ungekuwa mzuri sana kama mwamuzi angeweza kupuliza wakati wowote bila kutazama saa.

Mshairi_wa_Lamu

Naomba niingie kwa lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kijerumani kina kijineno kisichomtaja mtu fulani, cha kusemea "mtu hufanya", "watu husema". Heidegger amekichukua akakifanya jina la yule ambaye kila mmoja ni yeye na hakuna aliye yeye. Tuite "Watu", kama tunavyosema "Watu watasemaje?" Ukiuliza ni nani hao, humpati hata mmoja.

Sasa tazameni Kiswahili kilivyo na hazina. "Watu hufa." Hiyo hu- haina nafsi. Hula, husema, hufa, haimbebi mimi wala wewe. Jaribu kuitia nafsi ya kwanza. "Mimi hulala mapema" ni sawa. "Mimi hufa" haikai, lugha yenyewe inaitema. Kufa kwangu sharti kuchukue ni- na wakati: nitakufa. Nadhani kifungu chote cha 51 kimo katika safari ya kutoka "watu hufa" hadi "nitakufa".

MwalimuMstaafu

Mshairi, nimefundisha miaka yote hiyo sikuwahi kuliona hilo. Ni kweli kabisa. "Watu hufa" ni sentensi sahihi na ndani yake hakuna anayekufa. Ndiyo maana inatuliza.

BwanaHoja

Mimi na wanafalsafa wa Kijerumani hatuelewani, lakini nauliza kwa nia njema. Anayesema "watu hufa" kakosea nini? Kila mtu anajua atakufa. Hakuna anayekataa. Sasa mtu anajificha vipi kutoka kwenye jambo analolikubali mbele ya wote?

MwalimuMstaafu

Hapo natoka kwa Heidegger niende alikokwenda yeye mwenyewe. Katika kifungu cha 51 kuna tanbihi fupi inayomtaja mwandishi Mrusi Tolstoy na hadithi yake ya mwaka 1886, Kifo cha Ivan Ilyich. Ni sentensi moja tu, kwamba hadithi hiyo inaonyesha jinsi ile "watu hufa" inavyotikisika na kuporomoka. Wanafunzi huiruka tanbihi hiyo. Mimi huanzia hapo.

Ivan ni mwanasheria, mtumishi wa mahakama, umri wake 45. Hadithi inafunguka akiwa ameshakufa. Wenzake wanasoma tangazo la msiba gazetini, na wazo la kwanza la kila mmoja ni nani atapandishwa cheo kwa nafasi iliyoachwa wazi. Mmoja wao, Pyotr Ivanovich, anakwenda msibani. Anaambiwa marehemu alipiga kelele siku tatu mfululizo. Anashtuka. Anajiambia kwamba hilo linaweza kumpata hata yeye, sasa hivi. Halafu, na hapa BwanaHoja soma polepole, linamjia wazo la kawaida kumwokoa, kwamba jambo hili limempata Ivan Ilyich, halikumpata yeye. Anatulia. Jioni ileile anakwenda kucheza karata.

Hakukataa kwamba watu hufa. Aliitumia "watu hufa" kama mwavuli. Kujificha hakuhitaji uongo, kunahitaji kulipeleka jambo la kweli kwa mtu mwingine.

Tukirudi nyuma, Ivan anaumwa. Aliteleza kwenye ngazi akimwonyesha fundi namna ya kutundika mapazia, akajigonga ubavuni. Madaktari wanabishana kama ni figo au ni utumbo. Usiku analikumbuka somo la mantiki la utotoni: Kayo ni mtu, watu hufa, kwa hiyo Kayo atakufa. Maisha yake yote aliiona hoja hiyo ni sahihi kwa Kayo. Yeye si Kayo, yeye ni Vanya, aliyekuwa na mama yake na mpira wake wenye harufu ya ngozi. Hoja haijabadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba sasa imekuja na ni-.

BwanaHoja

Nimekuelewa. Bado nina shaka zangu, nitarudi nazo.

NesiWaZamu

Nimesoma uzi huu nikiwa zamu ya usiku. Kazi yangu ni wodi ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Hiyo hadithi ya Kirusi siijui, lakini kila wiki naona ndugu wanaingia na kusema, "Baba, utapona, mwezi ujao unarudi shambani." Mgonjwa anatazama ukuta. Wakitoka ananiuliza, "Nesi, hivi hawa wanajua?" Wanajua. Anajua. Nami najua. Chumba kizima kinajua na hakuna anayesema. Tena mgonjwa ndiye anayelazimika kuwafariji kwa kukubali kwamba atapona.

MwalimuMstaafu

Dada, umekiandika kifungu cha 51 bila kukisoma. Heidegger anasema waziwazi kwamba jamaa humwambia anayekufa kuwa atarudi kwenye utulivu wa kila siku, na kwamba maneno hayo huwafariji wao wasemaji vilevile. Ivan kinachomtesa kuliko maumivu ni uongo huo. Anayemtuliza ni mmoja tu, Gerasim, kijana wa kijijini anayemtumikia, ambaye usiku hukaa ameibeba miguu ya bwana wake mabegani kwa kuwa hivyo maumivu hupungua.

Na angalieni jambo hili, ndilo nililolipenda maishani mwangu mwote katika hadithi hiyo. Gerasim anasema, "Sote tutakufa, kwa nini nisijisumbue kidogo?" Kwa juujuu ni maneno yaleyale ya Pyotr Ivanovich, wote hufa. Lakini mmoja ameyatumia kujitoa na mwingine ameyatumia kujiingiza. Kwa hiyo Chausiku, usitafute umwenyewe katika msamiati wa mtu. Hautauona hapo.

Chausiku_M3

Mwalimu, umeandika "umwenyewe". Sisi darasani tunaandika "uhalisi".

MwalimuMstaafu

Nalo limewaponza wengi. "Uhalisi" linakupeleka kwenye halisi na bandia, kama noti. Unaanza kudhani ndani yako kuna Chausiku wa kweli aliyefichwa, na kazi yako ni kumchimbua. Heidegger hana mtu huyo. Neno la Kijerumani limejengwa juu ya mzizi wenye maana ya "-angu mwenyewe", kilicho mali yangu. Swali lake si kama wewe ni wa kweli, ni kama maisha haya umeyashika wewe au yameshikwa na Watu kwa niaba yako. Na anaonya mapema, kifungu cha 9, kwamba kutokuwa mwenyewe si kuwa kiumbe pungufu. Ndivyo tulivyo sehemu kubwa ya siku, na bila hivyo hata kuvuka barabara kusingewezekana, maana tunavuka kama watu wavukavyo.

Sasa jibu la "kwa nini mauti". Fikiria daladala. Dereva akichoka anampa deiwaka usukani, gari linakwenda, abiria hawajali. Mengi tuyafanyayo yako hivyo. Mwalimu akiugua mwingine anaingia darasani. Watu wanaweza kukushikia maisha kwa sababu karibu kila nafasi ndani yake ina deiwaka wake. Kufa hakuna deiwaka. Mtu anaweza kufa kwa ajili yako, akajirusha mbele ya risasi, na bado hajakuondolea kufa kwako, amekuahirishia. Ukilitazama hilo bila kulipeleka kwa Kayo, unagundua kwamba mwenye kuishi haya ni wewe, na kwamba yana mpaka. Ukichagua hili unaacha lile, na hutarudi kulichukua.

BodaMkongwe

Basi ndiyo niliyosema mwanzo. Nilijua, nikaacha ofisi.

MwalimuMstaafu

Ndugu yangu, nusu umeipata, na umeipata kwa gharama kuliko sisi tuliosoma. Naomba nikuulize nusu nyingine. Mkorosho unachukua muda gani kuanza kuzaa?

BodaMkongwe

Miaka mitatu kwa uchache. Kuzaa vizuri zaidi ya hapo.

MwalimuMstaafu

Mtu anayejua leo ni siku yake ya mwisho hapandi mkorosho. Kwa hiyo si kweli kwamba unaishi kila siku kama ya mwisho, ingawa ndivyo unavyosema. Unaishi jambo gumu zaidi. Unajua mauti yana hakika na hujui saa, na katika hali hiyo umepanda. "Leo ni ya mwisho" ni namna ya kuiondoa ile kutojua saa, ukajitengenezea tarehe. Heidegger anavitaka vyote viwili vikae pamoja, hakika na kutojulikana lini.

Na jambo la pili. Kuacha ofisi si ushahidi wa umwenyewe. Mwingine angeamka baada ya siku 11, akarudi ofisini ileile, kiti kilekile, na ikawa yake kwa mara ya kwanza. Na wapo walioacha kazi kwa sababu siku hizi watu huacha kazi.

BodaMkongwe

Hapo umenigusa. Niliporudi kutoka hospitali kila mtu aliniambia "sasa badilisha maisha". Sijui kama niliamua au niliambiwa. Nitalifikiria.

Nuru_binti_Salim

Assalam aleikum. Nina swali ambalo pengine haliko kwenye mada. Sisi tunaamini kila nafsi itaonja mauti, na baada ya hapo kuna kurejea. Huyu anaposema mauti ni kutowezekana kabisa, amekana akhera? Na je, kuwaza mauti kila saa si maradhi? Nina mdogo wangu aliyekuwa akiwaza hivyo, tulimpeleka kwa daktari.

MwalimuMstaafu

Waaleikum salaam. Swali liko ndani ya mada kabisa. Kifungu cha 49 kinasema uchambuzi wake unabaki upande huu. Kama kuna kitu baada ya mauti hakiamui, hakikani wala hakithibitishi. Anasema tu kwamba ili uulize vizuri kuhusu ng'ambo, lazima kwanza uelewe mauti ni nini kwa aliye upande huu. Muumini anaweza kukisoma. Kama muumini atatosheka nacho, hilo ni jambo lingine.

Kuhusu mdogo wako mlifanya vyema, na kitabu hiki si tiba ya hali ile. Heidegger mwenyewe, kifungu cha 53, anakataa kwamba kuielekea mauti ni kukaa ukiyatafakari na kupiga hesabu yatakuja lini na vipi. Anakataa pia kuyangoja, kwa sababu anayengoja ameshayageuza kuwa tukio. Na kujiua kumekataliwa papohapo, maana huko ni kuufuta uwezekano badala ya kuuishi kama uwezekano.

Mshairi_wa_Lamu

Kumbe kuna tatizo la tafsiri hapo. Neno lake katika kifungu cha 53, kwa maana ya neno kwa neno, ni "kukimbia mbele". Nimeona watu wanaliita "kuitangulia mauti". Nalipinga kwa nguvu zangu zote. Kwetu "ametangulia" ni maiti. Ametangulia mbele ya haki. Msomaji atadhani anaambiwa afe mapema, na dada Nuru ameshaonyesha hatari yake.

BwanaHoja

Nimerudi na shaka zangu. Ya kwanza, mwanafalsafa Mfaransa Sartre aliliona shimo hili mwaka 1943. Mnasema hakuna anayeweza kufa badala yangu. Sawa. Lakini hakuna anayeweza kupenda badala yangu pia, wala kupiga chafya. Sasa mauti yana upekee gani? Tena anatoa mfano wa mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa. Anajiandaa kufa kishujaa mbele ya watu, halafu homa ya mafua inamchukua kabla ya siku. Mauti yanakuja kutoka nje na kuvuruga kila maana uliyoipanga. Yawezaje kuwa uwezekano wangu "ulio wangu kuliko yote"?

Ya pili nzito zaidi. Huyu huyu Heidegger alijiunga na chama cha Hitler mwezi Mei 1933, akiwa mkuu wa chuo kikuu cha Freiburg. Kama umwenyewe hauna kipimo cha nje, ni nini kinachomzuia mtu kuwa mwenyewe kabisa katika uovu?

MwalimuMstaafu

La kwanza nitalijibu nusu. Kupenda kwangu hakuna deiwaka, kweli, lakini naweza kupenda kama watu wapendavyo, kwa maneno ya kuazima, maisha mazima. Watu wana namna ya kukufundisha kupenda. Kufa wanaweza kukuficha tu. Na mfungwa wa Sartre namwona kama shahidi wangu, maana alijiandaa kwa tarehe, kama yule wa siku ya mwisho. Ila nakubali kwamba Sartre amegusa kitu. Mauti ninayoyabeba na mauti yanayoniangukia hayalingani kabisa, na Heidegger anapita haraka hapo.

La pili sina jibu la kukuridhisha. Watetezi husema kwamba uamuzi wa mtu mwenyewe, kifungu cha 62, ni ule anaoushika akiwa huru kuuachia hali ikibadilika, na kwamba ushabiki wa chama ni kinyume chake, ni Watu wamevaa sare. Hoja ina nguvu kidogo. Lakini yeye aliyeiandika haikumzuia. Chausiku, usiliruke hilo kwenye insha.

NesiWaZamu

Mwalimu, kuna kitu kinanisumbua tangu jana. Kama nimekuelewa, kitabu chenu kinasema kufa kwa mwingine siwezi kukupitia, nakuwapo pembeni tu. Hicho ni kifungu gani?

MwalimuMstaafu

Cha 47.

NesiWaZamu

Mimi sikujifunza mauti kwa kuyawaza ya kwangu. Kuna mama alinishika mkono saa tisa usiku, akaniambia nisiondoke, na nilikuwa na wagonjwa wengine watatu wananiita. Sikuondoka. Sikuwa nawaza kabisa kwamba mimi nitakufa. Nilichojua ni kwamba yule anakufa na ameniita mimi, si nesi yeyote. Hapo nilikuwa mwenyewe kuliko siku yoyote. Kwenye kitabu chenu usiku ule unakaa wapi?

MwalimuMstaafu

Haukai vizuri, dada. Emmanuel Levinas, aliyemsikiliza Heidegger huko Freiburg akiwa kijana, alitumia maisha yake kusema karibu hilohilo, kwamba mauti ya kwanza ni ya mwingine, na ndiyo yanayoniita mimi kwa jina. Heidegger angekujibu kwamba uliweza kubaki pale bila kumdanganya kwa sababu mauti yako mwenyewe hukuyakimbia, kama Gerasim. Sijui ni nani anatangulia kati ya hayo mawili. Nilipokuwa kijana nilikuwa na uhakika ni Heidegger.

BwanaHoja

Gerasim hakusema "nitakufa". Alisema "sote tutakufa". Hiyo ni tu-, si ni-. Mshairi, una la kusema?

Mshairi_wa_Lamu

Ninalo, lakini nataka kulilalia kwanza. Safari niliyoichora ilikuwa ya kutoka hu- hadi ni-, na hiyo tu- sikuiwekea kituo.

Chausiku_M3

Wote asanteni. Insha nitaianzia msibani kwa Ivan, pale Pyotr anapotulia, niende hadi Gerasim, na swali la nesi niliweke mwishoni likiwa wazi. "Uhalisi" nimelifuta kote nikaandika "umwenyewe". "Kutangulia" nimelifuta. "Kuyatazamia" haliwezi, kwa sababu ni kungoja. "Kuyakabili" lina harufu ya ushujaa, kama mfungwa wa Sartre. Kwa sasa nimeandika "kuyaendea macho wazi", na sijaridhika. Mwenye neno bora alilete kabla ya Jumatatu.